Kiitikio kutoka kwenye mahubiri

"Mahubiri ya saa zima nayabanaje yawe kiitikio ambacho waumini watarudi nacho nyumbani?"

Mwalimu, chukua kile mhubiri anachotaka watu wafanye. Kisa chenyewe kiache kwenye beti. Nafundisha kwaya huku Igombe, na Luka 5 huhubiriwa sana kwa wavuvi. Usiku kucha bila samaki, mashua, nyavu kukatika: hayo yote ni ya mwimbishaji. Kiitikio kinabeba jibu la Simoni katika mstari wa 5 tu: "Kwa neno lako, nashusha tena." Silabi tano, pumzi, silabi tano.

Anayeshauri tuimbe mstari mzima ana haki kwamba maneno ya Biblia hukaa kichwani, ila mstari ule ni mrefu, watu watabaki na mwanzo wake wa kuchoka.

Angalia mkazo: sauti nzito iangukie LA ya "lako" na TE ya "tena". Ukiupeleka kwenye "ko" na "na", neno linapinda na wazee wanaacha kuimba. Tuni ibaki kati ya do na so, ili hata mtoto aifikie.

Kupima, baada ya ibada imba "Kwa neno lako" halafu nyamaza. Wakimalizia wenyewe, kimeshika.

Mhubiri akiwa na hoja mbili, muulize Jumamosi ipi ndiyo kuu. Kama neno "tena", ambalo halimo kwenye mstari, linaruhusiwa, hapo mimi na mchungaji wangu bado tunabishana.