Vitumbua kuwa bapa na kukauka vikipoa

Swali: Salamaleko bi mpishi, niko Malindi. Natumia unga wa mchele wa pakti vikombe 2, tui la nazi, hamira kijiko kidogo, sukari nusu kikombe na iliki. Naacha saa 1 nachoma. Vinatoka bapa, na vikipoa vinakauka. Nakosea wapi?

Jibu: Waalaikum salam mwanangu. Vipimo vyako havina neno, kasoro iko kwenye uji, yaani hujapika uji wa kuchanganyia. Mchele hauna ule mvuto wa unga wa ngano wa kushika hewa, kwa hivyo hamira inatoa mapovu lakini yanapanda juu na kupasuka, ndo maana kitumbua kinakaa bapa. Ukipika kidogo ya huo unga, uwanga wake unavimba na kunata, unashika mapovu, tena unaweka maji ndani ya kitumbua kisikauke haraka.

Fanya hivi. Kwenye vikombe vyako 2 toa vijiko vikubwa 3 vya unga, koroga na nusu kikombe cha maji baridi, weka kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Epua uache upoe hadi uwe vuguvugu, hapo usiwe na haraka, uji wa moto unaua hamira na kazi yote imeisha. Changanya na unga uliobaki, sukari, iliki, hamira na tui zito kama kikombe 1 na robo, lakini tui tia kidogo kidogo maana unga wa pakti haunywi maji sawa. Unataka mchanganyiko unaomwagika taratibu kwenye upawa, ukiwa mwepesi kama maziwa umezidisha.

Funika. Usiangalie saa, angalia sufuria: umuke na juu kuwe na mapovu madogo madogo. Wakati wa kaskazi hapa saa 1 inaweza kutosha, wakati wa kusi na ubaridi wake pengine 2. Ukianza kushuka katikati na kunuka uchachu umepitiliza. Ukishaumuka usikoroge tena, chota pembeni taratibu.

Chuma kipate moto kwanza, tia mafuta kijiko kidogo kila shimo, punguza moto, mimina mpaka robo tatu. Ukimimina kikalia chwaa na kingo zikaanza kukauka, sawa, kikigeuka kahawia upesi na katikati bado kioevu moto ni mkali, hasa ukitumia makaa. Geuza kwa kijiti kingo zikishakaza na katikati bado kuna unyevu kidogo.

Vikitoka vipange kwenye bakuli ufunike kitambaa vikiwa bado moto. Friji usiweke kabisa, baridi inaugandisha uwanga na vinakuwa vigumu, vya jana vipashe kwa mvuke dakika chache vitalainika. Na ukipata nafasi loweka mchele usiku usage kwa blenda na tui, mimi naona ladha yake unga wa pakti hauifikii.