Enkoda ya kasi: acha taima ihesabu, si intarapti

Mashine yangu ya kusuka koili za mota ina enkoda yenye chaneli mbili, A na B, kila moja ikitoa palsi 600 kwa mzunguko, imefungwa kwenye shafti ya mota inayofika mizunguko 3000 kwa dakika. Kabla ya kuandika msitari wowote wa programu, piga hesabu ya muda. Mizunguko 3000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila chaneli inatoa palsi 30,000 kwa sekunde. Ukihesabu kupanda na kushuka kwa chaneli A na B zote mbili, unapata mabadiliko 120,000 kwa sekunde. Kati ya badiliko moja na linalofuata kuna mikrosekunde 8.3 tu.

Kwenye Arduino Uno ya megahezi 16, huo ni muda wa mapigo ya saa 133. `digitalRead` moja inakula zaidi ya mikrosekunde 3, na wengi wanaiita mara mbili ndani ya intarapti moja. Ongeza muda wa kuingia na kutoka, kisha ile intarapti ya `millis()` inayojitokeza kila milisekunde. Bajeti imekwisha.

Wengi wanajua kwamba palsi zinaweza kupotea. Kila pini ya intarapti ina alama moja tu ya kusubiri, hivyo mabadiliko mawili yakija wakati prosesa ina shughuli nyingine, moja linafutika. Kosa baya zaidi ni la kuchelewa. Intarapti ya A ikianza kazi baada ya mikrosekunde 9, chaneli B imeshabadilika, na programu inasoma mwelekeo wa kinyume. Inatoa moja badala ya kujumlisha moja, na hesabu inakosea kwa mbili ingawa hakuna intarapti iliyopotea. Kwa Uno, mimi natumia intarapti pale tu nafasi kati ya mabadiliko inapofika mikrosekunde 50 au zaidi. Kwa enkoda hii ni kama mizunguko 500 kwa dakika.

Zaidi ya hapo nahamia STM32F103, ile bodi ndogo ya bei nafuu. Taima zake TIM1 hadi TIM4 zina hali ya enkoda: zinasoma A na B zenyewe, zinajua mwelekeo, zinaongeza na kupunguza bila prosesa kuguswa. Napenda TIM4 kwa sababu pini zake, PB6 na PB7, zinavumilia volti 5. PA6 na PA7 za TIM3 hazivumilii.

```c
RCC->APB2ENR |= RCC_APB2ENR_IOPBEN;
RCC->APB1ENR |= RCC_APB1ENR_TIM4EN;
TIM4->CCMR1 = 0xF1F1;
TIM4->SMCR  = 3;
TIM4->ARR   = 0xFFFF;
TIM4->CR1   = 1;
```

Thamani 3 kwenye `SMCR` ndiyo inayohesabu mabadiliko yote manne. Herufi F kwenye `CCMR1` ni kichujio: kwa saa ya megahezi 72, mpigo mfupi kuliko mikrosekunde 3.6 hivi unapuuzwa. Bado uko salama chini ya 8.3. Enkoda yako ikiwa na kasi zaidi, punguza kichujio, la sivyo kitameza palsi halali.

Taima hii ina biti 16, kwa hiyo inarudi sifuri baada ya 65,536. Kwa kasi yetu hiyo ni nusu sekunde na ushee. Usiweke intarapti ya kufurika, maana shafti ikitetemeka pale kwenye sifuri itakuchanganya. Soma tofauti tu, kila milisekunde 10:

```c
uint16_t sasa = TIM4->CNT;
jumla += (int16_t)(sasa - zamani);
zamani = sasa;
```

Katika milisekunde 10 shafti haiwezi kuzidi hesabu 1200, na `int16_t` inabeba hadi 32,767 kwa kila upande. Sifuri ikivukwa, utoaji unajirekebisha wenyewe. Usomaji ukichelewa hata kufika milisekunde 200, jumla bado ni sahihi.

Usisahau waya. Enkoda nyingi za aina hii zina matokeo ya NPN ya kolekta wazi, yaani zinavuta chini tu. Kupanda ni kazi ya rezista. Rezista ya ndani ya STM32 ni kama kiloomu 40. Kebo ndefu yenye pikofaradi 500 ikiungwa hapo, mawimbi yanahitaji takriban mikrosekunde 20 kupanda, ilhali chaneli inabaki juu kwa 16.7 tu. Funga rezista ya kiloomu 2.2 kwenda volti 3.3 kwa kila chaneli, na muda huo unashuka hadi mikrosekunde 1.1.

Kwa jaribio, weka alama kwenye shafti, zungusha kwa kasi kamili, kisha irudishe kwa mkono kwenye alama. Jumla igawanyike kwa 2400, ukiacha kosa dogo la mkono. Ikiwa inakubali kwa mwendo wa polepole na kukataa kwa kasi, anza na rezista na kichujio. Ikiwa inakataa hata polepole mota ikiwa na umeme, lakini inakubali ukiizungusha kwa mkono mota ikiwa imezimwa, shida ni kelele za mota: tenganisha kebo ya enkoda na nyaya za mota, na unganisha shildi yake na graundi upande wa bodi.