Choo kimeziba, maji hayashuki

"Nikiflashi maji yanapanda hadi juu. Mpira wa kuzibulia nimesukuma weee, wapi!"

Acha kuflashi kwanza, yatamwagika. Mpira wenyewe ni ule bapa wa sinki? Wa choo una mdomo wa ziada unaoingia tunduni. Maji yaufunike, usisukume hewa. Anza taratibu, kisha sukuma na kuvuta mara 15 bila kuubandua. Kuvuta ndiko kunakolegeza uchafu.

– Mimi humwaga asidi tu.

Ndugu, ukisukuma baada ya asidi itakurukia machoni. Raundi tatu zikishindwa, au mtoto ametumbukiza kitu, tafuta waya wa kuzungusha kwa mkono. Ukigota, zungusha hadi unase, vuta. Tundu la bafuni nalo likirudisha maji, fungua chemba ya nje.