Ile 3 ndani ya logi

"Shikamoo Mwalimu. Kwa ∫dx/√(x²+9) niliweka x = 3 tan θ, nikapata ln|(x+√(x²+9))/3| + C. Mwongozo wa kusahihisha una ln|x+√(x²+9)| + C. Hiyo 3 nimeikosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Hujaikosea. Ukigawanya kwa 3 ndani ya logi, unatoa ln 3 nje yake, na ln 3 ni namba tu. Aliyeandika mwongozo ameimezesha kwenye C, kwa hiyo C yako na yake si moja.

Usiniamini kwa maneno matupu, pima. Ziache C kando, kisha toa jibu lako kwenye la mwongozo. Kwa x = 0 unapata ln 3 − ln 1, yaani ln 3. Kwa x = 4 mzizi ni 5: ln 9 − ln 3, ln 3 ileile. Tofauti ingebadilika, ningekwambia urudi kwenye dx. Wengi wenu husahau kuibadilisha kuwa 3 sec²θ dθ. Namba mbili bado si uthibitisho, hivyo malizia kwa kudifarenshieti jibu lako: lirudi 1/√(x²+9).

Ukiwa umekatwa alama kwa hiyo 3, niletee karatasi ofisini. Ila kama hukuandika + C, hiyo imekwenda.