Re: Kipimo cha hofu kiko 9, ninunue?

"Kipimo cha hofu na tamaa kimeshuka hadi 9. Ninunue Bitcoin sasa?"

Salama, kaka. Namba hiyo ni hofu kali kwenye kipimo cha 0 hadi 100, lakini peke yake haitoshi. Mei 17, 2022 nilikuwa Ngamiani, simu mkononi, kipimo kinasoma 8 na bei ya Bitcoin iko karibu dola 30,000. Nikaweka akiba yote. Juni 18 bei ilikuwa chini ya 18,000, na iliniuma sana.

Nusu ya uzito wa kipimo hutoka sokoni kwenyewe: bei inavyoyumba, na kasi ya soko pamoja na kiasi cha biashara. Kwa hiyo soko likiendelea kuporomoka, namba inaganda chini wiki nyingi.

Angalia kwanza chati ya wiki. Kama kila shimo, yaani pale bei inapofika chini kabisa kabla ya kupanda tena, liko chini ya lililotangulia, ngoja. Mimi sasa nagawa pesa mafungu manne, na la kwanza silitoi mpaka bei irudi kwenye shimo la mwisho ikatae kushuka chini yake.