Maswali yenu: friza nimeuza leo, ikiharibika mwakani gharama naiandika lini?

Mkuu, nauza friza Kariakoo, waranti mwaka mmoja. Mhasibu mpya anataka niandike gharama ya matengenezo siku ileile nauza, wakati friza ni nzima kabisa. Huo si uchuro?

Uchuro ingekuwa kama angekutajia friza ya mteja gani itakufa, na hilo hajui, wala wewe hujui, wala kiwanda hakijui. Anachojua ni kwamba ukiuza friza 400 kuna zitakazorudi, na siku umempa mteja risiti na kadi ya waranti ushajifunga, huwezi kuja kumwambia baadaye kwamba umebadili mawazo. Deni limezaliwa siku ya kuuza, sio siku kompresa inagoma. Ndio maana kanuni ya kimataifa ya IAS 37 inataka utenge: una wajibu uliotokana na jambo lililokwishatokea (umeuza), kuna uwezekano mkubwa hela itatoka, na unaweza kukadiria ni kiasi gani. Vikitimia vyote vitatu, unadebiti gharama za waranti na kukrediti provisheni ya waranti, yaani deni ulilolikadiria, basi.

Usipofanya hivyo unajidanganya mwenyewe. Mwaka huu umeuza sana faida inang'aa, mwakani biashara imepoa halafu mafriza ya mwaka huu yanarudi yanakula faida ya mwakani, unabaki unamlaumu fundi bure.

Haya nimekubali, ila nitajuaje ngapi zitarudi? Mi sio mganga.

Nenda kwa fundi wako umuombe daftari. Nakumbuka duka moja nililowahi kushika hesabu zake, sitalitaja, daftari la fundi lilikuwa na oili mpaka kurasa zinashikana, na kila mstari umeandikwa "friza nyeupe, haigandishi, imepona". Tarehe ya kuuza hakuna, seriali namba hakuna, spea iliyotumika hakuna. Tulikaa siku 3 tunalinganisha na risiti moja moja. Kwa hiyo kama unaanza leo mwambie aandike vitu vinne: seriali namba, tarehe friza ilipouzwa, ugonjwa wake, na gharama yote iliyoingia. Tarehe ya kuuza ndio ya muhimu kuliko zote, utaona mbele kwa nini.

Tuseme daftari limekaa vizuri na linaonyesha hivi: katika kila friza 100 unazouza, 88 hazirudi kabisa mpaka waranti inaisha, 9 zinarudi na ugonjwa mdogo (themostati, feni, kujaza gesi) unaokula wastani wa shilingi 60,000, na 3 zinarudi kompresa imekufa, hiyo ni 350,000 ukijumlisha kompresa, gesi, fundi na kirikuu cha kwenda kuibeba na kuirudisha. Umeuza 400. Kwa hiyo unategemea 36 za ugonjwa mdogo, ambazo ni 2,160,000, na 12 za kompresa, ambazo ni 4,200,000. Jumla 6,360,000, yaani 15,900 kwa kila friza inayotoka dukani. Hakuna hata friza moja itakayokugharimu 15,900 kamili, ni ama sifuri ama 60,000 ama 350,000, lakini ukizichukua zote kwa wingi wake hesabu inakaa hapohapo. Na hiyo 350,000 ni gharama inayokutoka WEWE, usiweke bei unayomuuzia mteja kompresa kaunta, nimeona watu wanaweka hivyo, wanatenga na faida ambayo hawataipata wala kuipoteza.

Sasa mtego ambao karibu kila mtu anaingia. Watu wanachukua friza zilizorudi mwaka huu wanagawa kwa zilizouzwa mwaka huu. Mwaka jana uliuza 200, mwaka huu 400. Mwaka huu zimerudi 36. Unagawa 36 kwa 400 unapata 9%, unafurahi, mzigo una afya. Lakini fungua daftari uangalie tarehe za kuuza: katika hizo 36, 12 ni za mwaka jana na 24 ni za mwaka huu. Zile 200 za mwaka jana jumla zilirudi 24, nusu mwaka ule ule na nusu mwaka huu, hiyo ni 12% sio 9%. Na za mwaka huu 24 zilizokwisharudi ni nusu tu, nusu nyingine iko majumbani kwa watu inasubiri. Biashara ikikua, njia ya kugawa kienyeji inakudanganya kila mwaka kwamba una kasoro chache, na siku mauzo yakishuka inageuka, unaonekana unauza takataka. Dawa ni kufuata kundi: friza zilizouzwa kipindi kimoja unazifuatilia mpaka waranti yake inakwisha, ndipo unapiga asilimia.

Ikifika Desemba 31 nafanyaje, ile 6,360,000 inabaki nzima?

Hapana, inabaki ya zile ambazo bado hazijarudi. Kila friza ikirudi ndani ya mwaka hupeleki gharama kwenye faida na hasara tena, unaila ile provisheni. Kwa mfano wetu zimerudi 24 za mwaka huu, 18 ndogo na 6 za kompresa, zimekula 3,180,000, inabaki 3,180,000 kwenye mizania kama deni. Ila usiiache kwa sababu tu hesabu ya kutoa imetoa hivyo. Kaa ujiulize, waranti ngapi bado ziko hai na zimebakiza miezi mingapi? Kama mauzo yako mengi ni Novemba na Desemba (na kwa friza joto la Dar linasaidia sana hapo), basi karibu maisha yote ya waranti bado yako mbele na 3,180,000 itakuwa ndogo. Kama uliuza sana Februari, itakuwa kubwa na unatakiwa kuipunguza.

Kwa hiyo hiyo hela nifungulie akaunti benki?

Hapana. Provisheni ni deni kwenye vitabu, sio kibubu. Ukitaka kuweka hela pembeni ni uamuzi wako wa kibiashara, mhasibu hajakulazimisha.

Kiwanda China kinaturudishia kompresa bure ikifa ndani ya mwaka. Si nitenge pungufu basi?

Kwenye deni usipunguze hata shilingi. Mteja anakudai wewe, hakijui kiwanda, kikigoma kesho bado utamtengenezea. Unachoruhusiwa ni kuandika upande wa pili, kwenye mali, kile unachokidai kiwanda, na hapo tu kama una hakika kweli kitarudisha: mkataba upo, na madai ya nyuma walilipa. Tuseme katika ile 350,000 kompresa yenyewe ni 220,000. Zimebaki 6 za kompresa kwa makadirio, basi mali ni 1,320,000 na deni linabaki 3,180,000 vilevile. Kwenye faida na hasara unaweza kuvionyesha vimekatana, kwenye mizania hapana. Halafu ukumbuke kiwanda kinarudisha kompresa tu, gesi, fundi na kirikuu ni vyako. Na kama mpaka leo kiwanda kimekuambia "tutaangalia" kwenye WeChat, hiyo sio hakika, hiyo ni salamu.

Mi nauza jenereta kubwa, kwa mwaka 5 au 6. Hizo asilimia zinanisaidia?

Hazikusaidii sana. Wastani unafanya kazi kwenye wingi. Kwa vitu vichache angalia kimoja kimoja: ipi ina dalili, ipi iko kwenye mgodi inalala na kuamka inafanya kazi, na jambo gani lina uwezekano mkubwa kutokea kwa kila moja. Unaweza kukuta tano sifuri na moja ina hesabu yake kamili.

Wateja wangu nawauzia waranti ya mwaka wa pili kwa 50,000 zaidi, nayo naitengea?

Hiyo ni bidhaa nyingine, umemuuzia huduma. Ile 50,000 usiiite mapato leo, ishike kama mapato ya mbele na uyaachie kidogo kidogo ndani ya mwaka wa pili, hayo yako kwenye kanuni ya mapato, IFRS 15. Gharama za kutengeneza zikija zinaandikwa wakati huo. Kinachotengewa ni ile waranti ya kawaida inayokuja na friza bila mteja kuilipia pembeni.

TRA wanaikubali hiyo gharama?

Ukiitenga tu, hapana. Wao wanataka gharama iliyotumika kweli. Kwa hiyo kwenye hesabu ya kodi unairudisha ile 3,180,000 iliyobaki, unalipa kodi juu yake sasa, na mwakani ukitengeneza ndio unaikata. Kwa kodi ya kampuni ya 30% hiyo ni 954,000 umetangulia kulipa, mhasibu wako ataionyesha kama kodi ahirishi upande wa mali. Tunza oda za kazi za fundi na risiti za spea, bila hizo hata mwakani hutakatiwa.

Kuna modeli moja niliyoleta Septemba inarudi kila siku, shida ileile ya kompresa. Bosi anasema tutumie 3% ya kawaida mpaka tujue vizuri.

Daftari limeshakuambia, bosi anataka kungoja nini? Hiyo modeli itoe kwenye kundi, ipigie asilimia zake peke yake. Asilimia za zamani ni za mzigo wa zamani, zikikutana na kasoro ya kiwandani hazina maana. Microsoft yalishawakuta na mashine yao ya gemu, Xbox 360, ile ya taa tatu nyekundu: Julai 2007 wakatangaza kuongeza waranti ya tatizo hilo kuwa miaka 3, na wakaandika gharama ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mpigo, zikiwemo mashine ambazo zilikuwa zimeshauzwa zamani na ziko sebuleni kwa watu.

Ukiongeza makadirio kwa sababu umepata habari mpya, ongezeko linaingia mwaka wa sasa, hurudi kufumua hesabu za mwaka jana. Lakini angalia kitu kimoja: hizo za Septemba uliuza kabla ya Desemba 31. Kama kasoro imejulikana Januari na hesabu za mwaka uliopita bado hazijasainiwa, basi kasoro ilikuwemo ndani ya friza tangu Desemba, wewe ndio umechelewa kuijua, na inatakiwa iingie kwenye hesabu hizohizo. Kwa hiyo muulize bosi hesabu zimesainiwa au bado, maana nahisi ndio sababu anataka mngoje.