Derivativu ya ln x: pitia kwa e, usikariri

Wadogo zangu mlioingia kidato cha tano kwenye PCM, PGM au EGM, kwamba derivativu ya ln x ni 1/x mtaishika siku ya kwanza. Shida huanza pale swali linapotaka muitoe hatua kwa hatua, au pale ndani ya ln panapowekwa kitu kingine badala ya x tupu. Aliyekariri huanza kubahatisha hapo.

Mimi huanzia kwenye maana. ln 2 inauliza: e ipandishwe kwa kipeo gani ili tupate 2? Kikokotoo kinajibu 0.693. Kwa hiyo ukiandika y = ln x, ni sawasawa na kuandika e^y = x. Habari ni ileile, ila mstari wa pili una e, ambayo tayari unajua kuidiferenshieti: derivativu ya e^x ni e^x yenyewe. Hilo lazima liwe limethibitishwa kabla, bila kutumia ln. Ukithibitisha e kwa kutumia ln, kisha ln kwa kutumia e, utakuwa unazunguka tu.

Sasa diferenshieti pande zote mbili kwa x:

```
y = ln x
e^y = x
e^y · dy/dx = 1
dy/dx = 1/e^y
dy/dx = 1/x
```

Mstari wa tatu ndio unaomaliza watu. Upande wa kulia ni x, derivativu yake 1. Upande wa kushoto, y si herufi iliyotulia. Inabadilika kadiri x inavyobadilika, hivyo kanuni ya mnyororo inadai uzidishe kwa dy/dx. Ukiisahau, unabaki na e^y = 1, yaani y = 0 daima, jambo ambalo ni wazi si kweli. Wengine huandika y·e^(y−1), wakitumia kanuni ya x^n. Kanuni hiyo ni ya kipeo kisichobadilika, na hapa kinachobadilika ndicho kipeo.

Usiishie kwenye 1/e^y pia. Si kosa, lakini swali liliuliza kwa x. Rudi mstari wa pili: e^y ni x, basi badilisha.

Kwenye grafu jambo hili linaonekana vizuri zaidi. Grafu ya ln x ni ya e^x iliyopinduliwa juu ya mstari y = x, hivyo x na y zinabadilishana nafasi, na mteremko unageuka juu chini. Kwenye e^x, nukta (0.693, 2) ina mteremko 2. Kwenye ln x, nukta yake pacha ni (2, 0.693), na mteremko ni 1/2. Kwa kuwa mteremko wa e^x haufiki sifuri kamwe, hakuna mahali utakapogawa kwa sifuri. Hiyo ndiyo sababu tuna haki ya kusema dy/dx ipo. Hatua zile tano peke yake zilikuwa zimechukulia tu kwamba ipo. Na kwa kuwa e^y ni chanya siku zote, x nayo lazima iwe chanya.

Hakiki kwa kikokotoo. Tafuta ln 2.001 utoe ln 2, kisha gawa kwa 0.001. Utapata 0.49988 hivi, karibu kabisa na 0.5. Ukiona 0.217, umebonyeza log badala ya ln. Namba hiyo nayo ina maelezo yake kwa njia ileile: log ni ya 10, kwa hiyo 10^y = x, na derivativu ya 10^y inakuja na ln 10, ambayo ni 2.303. Jibu linakuwa 1/(x ln 10), na 0.5 ukigawa kwa 2.303 ni 0.217. Hapa utaona kwa nini kwenye kalkulasi tunaipenda e: haiachi namba ya ziada nyuma yake.

Sasa ln(3x). Wengi watasema 1/(3x), wengine 3/x. Pitia kwa e:

```
e^y = 3x
e^y · dy/dx = 3
dy/dx = 3/(3x) = 1/x
```

Ni ileile ya ln x. Usishtuke: ln(3x) ni ln 3 + ln x, na ln 3 haibadiliki, kwa hiyo grafu imepandishwa juu tu na mteremko wake haukuguswa. Lakini weka x² + 1 ndani, na upande wa kulia utatoa 2x, hivyo jibu ni 2x/(x² + 1). Kinachokaa juu ni derivativu ya kilicho ndani, na chini ni hicho kilicho ndani chenyewe.